Kijana mtulivu si lazima awe amejipata: hatua nane za maisha na mgogoro wa kila moja

Mjini Arusha siku hizi utasikia "mgogoro wa utambulisho" kila mahali. Utausikia kwenye semina za vijana kanisani, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, na kwenye kikao cha familia mwezi Desemba, pale mtoto aliyerudi likizo anaposema hataki tena kusoma uhasibu. Baba wa miaka 45 akiuza gari na kununua pikipiki kubwa, naye anaambiwa yuko kwenye mgogoro wa umri. Wengi wanalichukulia jambo hili kama ugonjwa unaohitaji maombi au dawa. Wengine wanaliona kama njia ya heshima ya kusema kwamba mtu amepotoka. Fikra zote mbili zinawaumiza watu, hasa vijana, kwa hiyo inafaa tuanze na maana yenyewe.

Katika saikolojia, mgogoro wa hatua ya maisha ni kipindi ambacho swali moja kuhusu maisha linambana mtu kuliko maswali mengine, na namna anavyolijibu inabadilisha mwelekeo wake. Swali hilo huzaliwa na mambo mawili yanayokutana. Kwa ndani, mwili na akili vimekua na sasa vinaweza jambo jipya. Kwa nje, jamii imeanza kumdai mtu huyo jambo jipya. Ndiyo maana wataalamu husema hatua hizi ni za kisaikolojia na kijamii kwa pamoja. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutembea na kusema "sitaki", na wakati huohuo mama anaanza kumdai atumie poti. Hapo mgogoro umeshaanza, na hakuna aliyekosea.

Aliyezipanga hatua hizi ni Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kufariki Marekani mwaka 1994. Hakuwahi kumjua baba yake mzazi. Alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa daktari wa watoto, katika familia ya Kiyahudi, lakini yeye alikuwa mrefu, mwenye nywele za dhahabu na macho ya buluu. Kwenye sinagogi watoto walimwona mgeni, na shuleni alitaniwa kwa kuwa Myahudi. Baada ya shule alizurura Ulaya kwa miaka kadhaa akijaribu uchoraji, kisha mwaka 1927 akaenda Vienna kufundisha watoto na hapo akajifunza kwa Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 alijipa mwenyewe jina la Erikson. Nadhani ni vigumu kuielewa nadharia yake bila kujua kwamba swali la "mimi ni nani" lilikuwa lake kabla halijawa la wagonjwa wake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza hatua nane. Mtoto mchanga, hadi karibu mwaka mmoja na nusu, anapima kama dunia inaaminika: nikilia, kuna anayekuja? Kuanzia hapo hadi miaka mitatu, swali ni la kujitegemea dhidi ya aibu na shaka. Kati ya miaka mitatu na sita mtoto anaanzisha mambo, anaunda michezo, anauliza maswali mia, na hatari yake ni kujaa hatia akikaripiwa kwa kila analoanzisha. Miaka ya shule ya msingi ni ya bidii dhidi ya kujiona duni, na hapa mwalimu anayewapanga watoto kwa namba ya ufaulu mbele ya darasa zima anagusa jambo zito kuliko anavyodhani. Halafu huja ujana na utambulisho. Miaka ya ishirini na thelathini swali ni ukaribu wa kweli na mtu mwingine dhidi ya kujitenga. Umri wa kati unauliza kama unalea chochote kitakachobaki baada yako, au umedumaa. Uzeeni mtu anayatazama maisha yake yote na ama anayakubali kuwa ni yake, ama anakata tamaa.

Umri uliotajwa ni wa kukadiria tu. Muhimu zaidi ni uhusiano wa hatua hizi, ambao mtu wa Kilimanjaro anaweza kuuona kwenye kihamba. Shina la mgomba lililotunzwa vizuri huachiwa migomba mitatu: mama anayezaa, mtoto anayekua, na mjukuu anayechipua. Mama akiwa na mkungu, mjukuu tayari yupo, mdogo tu, na analishwa na shina lilelile. Erikson aliona hivyohivyo. Utambulisho hauanzi miaka 13. Umechipua tangu mtoto alipojifunza kuamini na kusema "sitaki", ila msimu wake wa kuzaa ndio umefika sasa. Vilevile kuamini hakuishi utotoni, bali hurudi kupimwa siku ya ndoa, siku ya kufiwa na siku ya kuugua.

Jambo jingine ambalo maelezo mengi ya mitandaoni hulikosea ni matokeo ya mgogoro. Huandikwa kana kwamba mtu hushinda au hushindwa, anapata kuamini au anapata kutoamini. Erikson mwenyewe alizungumzia uwiano. Mtoto anayemwamini kila mtu atamfuata mgeni yeyote stendi, kwa hiyo anahitaji kiasi fulani cha kutoamini. Kijana asiyejua aibu hata kidogo ni hatari kwa wenzake. Kinachotakiwa ni upande wenye afya uzidi ule mwingine, usiufute. Na mtu ambaye uwiano wake ulikaa vibaya utotoni hajafungiwa maisha. Mlezi mwingine, mwalimu mmoja au ndoa njema inaweza kuusogeza, ingawa kazi huwa kubwa zaidi kuliko kama ungekaa vizuri tangu mwanzo.

Sasa tuingie kwenye hatua ya tano, kwa sababu ndiyo inayozua maneno mengi mitaani na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia alitafuta njia ya kuupima mgogoro huu badala ya kuubashiri kwa macho. Aliwahoji wanafunzi wa kiume wa chuo nchini Marekani kuhusu kazi, dini na siasa, akitafuta mambo mawili tu. La kwanza, je, kijana huyu amewahi kuwa na kipindi cha kutafuta, yaani kuweka njia mbili au tatu mbele yake na kuzipima kwa dhati? La pili, je, kuna njia aliyojifunga nayo, ambayo anaiwekea muda na nguvu? Mambo hayo mawili yakikutana yanatoa hali nne. Aliyetafuta kisha akajifunga, amejipata. Anayetafuta sasa na bado hajajifunga, yuko katikati ya mgogoro wenyewe. Aliyejifunga bila kutafuta, amefungwa mapema, kwa kawaida na uamuzi wa wazazi. Asiyetafuta wala kujifunga, anaelea.

Tuchukue kijana wa kutunga, ili tuzione hali hizi zikifuatana ndani ya mtu mmoja. Ni mtoto wa kwanza wa familia ya Marangu. Baba ana duka la dawa Moshi mjini, na tangu kijana akiwa darasa la tatu wageni wote wameambiwa, "Huyu ndiye daktari wetu." Anasoma kwa bidii, anachukua mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, hakosi ibada, hana kelele. Shangazi zake wanasema amekomaa mapema. Ukimhoji kwa maswali ya Marcia, unagundua jambo jingine. Ukimuuliza lini aliamua kuwa daktari, hakumbuki kuamua. Ukimuuliza kama amewahi kufikiria kazi nyingine, anashangaa swali. Ukimuuliza kama angekuwa tayari kubadili njia likitokea jambo bora zaidi, anajibu haraka kwamba hapana, nyumbani wasingekubali. Huyu amefungwa mapema. Mgogoro haujaisha kwake, kwa sababu haujaanza.

Kuna jambo linalofanya hali hii isionekane. Tafiti zilizofuata ziliwakuta vijana waliofungwa mapema wakiwa na wasiwasi mdogo kuliko wenzao wanaotafuta, na mara nyingi wako karibu sana na wazazi wao. Ukiwapanga vijana wa ukoo kwa utulivu, huyu atakuwa wa kwanza, na yule binamu anayehoji kila kitu atakuwa wa mwisho. Udhaifu wake unaonekana pale tu njia aliyopewa inapokatika. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka, amefaulu, lakini alama hazitoshi kuingia udaktari. Kwa mwenzake ambaye amewahi kupima njia mbili, hilo ni pigo kubwa. Kwa huyu ni zaidi ya pigo, kwa kuwa hana jibu jingine lolote la swali la yeye ni nani.

Miezi inayofuata anaelea. Anaamka saa sita mchana, yuko kwenye simu, akiulizwa anataka kufanya nini anasema "vyovyote". Familia sasa ndiyo inasema mgogoro wa utambulisho umemwingia. Kwa kipimo cha Marcia, bado. Kuelea si kutafuta. Mtu anayetafuta anakuwa na mwendo: anauliza watu, anajaribu, anabishana, analala na wazo moja na kuamka na jingine. Anachosha watu wa nyumbani, lakini anakwenda.

Mwendo wake unaanza pale mjomba anapomchukua lango la Marangu kufanya kazi na wagumu, wale wapagazi wa mlimani. Anabeba mizigo misimu miwili. Anafikiria kuwa mwongoza watalii, anauliza ngazi zake, anajifunza Kiingereza cha wageni. Anafikiria biashara ya baba. Anagombana naye kwa mara ya kwanza maishani. Huko juu anaona jambo ambalo hakulijua: mgeni anapoanza kuumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya mwinuko, yeye ndiye anayebaki naye, anayempa maji, anayemshawishi kiongozi ashuke naye mapema. Anapenda kazi hiyo hasa. Mwishowe anaomba stashahada ya utabibu.

Jirani atasema amerudi palepale, ameishia kwenye tiba kama baba alivyotaka, na misimu ile miwili ilipotea bure. Kwa nje ni kweli kwamba njia ni karibu ileile. Rudia lile swali sasa: ungekuwa tayari kubadili, likitokea jambo bora zaidi? Aliyejipata hujibu polepole. Husema huenda, ila anaona vigumu kufikiria ni jambo gani lingekuwa bora kwake, halafu anaeleza kwa nini. Ana sababu zake mwenyewe, na anajua aliacha nini. Tofauti ya kufungwa mapema na kujipata iko hapo, kwenye njia iliyopitwa kufikia uamuzi. Haiko kwenye uamuzi wenyewe. Mzazi anayeuliza tu "umechagua nini?" hataiona kamwe.

Hali ya kutafuta isichanganywe na ugonjwa, na hapa nasisitiza kwa sababu makosa hufanyika pande zote mbili. Kijana anayebadili mawazo, anayehoji dini ya nyumbani au anayegombea kuchagua marafiki wake, hahitaji hospitali. Lakini huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikivurugika, au kijana akiacha kuoga na kukwepa watu wote, hayo si sehemu ya hatua yoyote ya Erikson, na afikishwe hospitali mapema. Akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akizungumzia kufa, apelekwe siku hiyohiyo. Nimesikia wazazi wakisema "ni umri tu, utapita" kwa mambo ambayo hayapiti yenyewe.

Swali la haki linalofuata ni kama haya yote yanatuhusu. Marcia alianza na vijana wa kiume wa vyuo vya Marekani, jamii inayomtaka kila mtu ajichagulie. Kwa Waarusha na Wamasai, kijana alipotahiriwa aliingia rika lenye jina lake, na akapanda nalo kutoka umorani hadi uzee pamoja na wenzake. Swali la yeye ni nani lilijibiwa na rika zima, hadharani, kwa wakati unaojulikana. Kumwita kijana huyo "aliyefungwa mapema" kana kwamba ana kasoro ni kumpima kwa kipimo kisicho chake. Katika jamii ambayo majukumu hayabadiliki, jibu la kurithi linatosha maisha yote na halimletei mtu shida.

Erikson aliliona jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alikwenda kwa Wasioux, wenyeji wa asili wa Dakota Kusini nchini Marekani, akakuta watoto wanaolelewa nyumbani kwa maadili ya kugawana na ya uwindaji uliokwisha, kisha shuleni wanadaiwa kujiwekea akiba na kushindana. Walimu waliwaona wazembe. Yeye alisema tatizo halikuwa ndani ya mtoto peke yake, bali kwenye mwanya kati ya jamii iliyomlea na jamii inayomdai. Mwanya huo upo Arusha leo. Kijana anaweza kuwa amepita jandoni na wenzake wa rika, anasoma chuo Njiro, na jioni anaendesha bodaboda. Amepewa majibu matatu yasiyofanana, kwa hiyo kutafuta kwake si uasi wala si uzungu. Ni kazi ambayo babu yake hakulazimika kuifanya.

Wengine walimkosoa Erikson kwa upande mwingine. Mwanasaikolojia Carol Gilligan, mwaka 1982, alisema mpangilio wa utambulisho kwanza na ukaribu baadaye umechukuliwa kwenye maisha ya wanaume, na kwamba kwa wanawake wengi mambo hayo mawili hukua pamoja. Ukimtazama binti aliyeolewa akiwa na miaka 19 na anayejitambua kupitia ndoa na watoto kabla ya kazi, ukosoaji huo una nguvu.

Tumrudie yule baba wa pikipiki. Wengi wanadhani "mgogoro wa miaka arobaini" ni hatua ya Erikson. Si yake. Aliyeleta wazo hilo ni mwanasaikolojia Elliott Jaques, katika makala ya mwaka 1965 iliyotokana na kutazama maisha ya wasanii. Watafiti wa Marekani walipowauliza watu baadaye, takriban robo yao walisema wamewahi kuwa na mgogoro wa namna hiyo, na wengi walipoeleza ulikuwa nini, walitaja talaka, ugonjwa, kifo au kupoteza kazi, mambo yanayoweza kutokea umri wowote. Erikson kwa umri huo aliuliza jambo jingine kabisa: unalea nini? Kulea huko si kuzaa tu. Fundi wa magari pale Unga Limited anayemfundisha kijana hadi asimame mwenyewe analea. Mwenye watoto sita asiyewajali anaweza kuwa amedumaa. Baba huyo akiuza gari, cha kumuuliza ni nani anayemtegemea na kama bado anamwona.

Uzee umepata fikra potofu zake. Bibi anayerudia hadithi zilezile za ujana wake huhesabiwa kuwa akili imechoka. Huenda ikawa hivyo kama anasahau pia jina la mwanawe au njia ya kwenda shambani, na hapo apimwe. Lakini mwaka 1963 daktari Robert Butler alieleza kwamba wazee wengi huyapitia upya maisha yao, wakirudi hasa kwenye yale yaliyowauma. Hiyo ndiyo kazi ya hatua ya nane. Anayemsikiliza na kuuliza "ikawaje baadaye?" anamsaidia kuimaliza, na anayemkatiza kwa kusema "hiyo umeshatusimulia" anamwacha nayo katikati.

Erikson aliishia nane. Mkewe, Joan, aliyeshirikiana naye tangu mwanzo, aliongeza ya tisa katika chapisho la mwaka 1997, akiwa mwenyewe ameshavuka miaka 90. Alisema kwamba mtu akifika miaka ya themanini na tisini, maswali yote ya zamani hurudi, na safari hii upande mgumu ndio unaotangulia. Mwili uliokuwa ukiaminika hauaminiki tena, kwa hiyo kutoamini kunakuja kwanza. Kujitegemea kunarudi kuwa suala la choo, kama kwa mtoto wa miaka miwili, na aibu yake ni kubwa zaidi kwa sababu mzee anajua alikuwa anaweza. Katika nyumba ambayo bibi wa miaka 88 anakataa kushikwa mkono kwenda msalani, watu humwita mkaidi. Kwa maelezo ya Joan, anapigania kitu kilekile alichokipigania mara ya kwanza akiwa na miaka miwili. Kwa hiyo kumuuliza kama anataka mkono au mkongojo, kabla ya kumshika, kunamwachia sehemu ya uamuzi ambayo bado anaiweza.